Mwenzio anapouliza: "Kwenu utanipeleka lini?"

Mimi ni mshenga. Siyo kazi ya kuajiriwa. Watu wa mitaa ya Ngamiani hapa Tanga wakiwa na barua ya posa, jina langu hutajwa, basi huvaa kanzu nikaenda. Nimebeba barua hadi Pangani, Muheza, Lushoto, na mara moja Singida. Lakini nusu ya wanaobisha hodi kwangu hawana barua. Wana mwenza aliyenuna nyumbani. Miaka miwili, mitatu, hajapelekwa kwao, na kila akiuliza anajibiwa "subiri kidogo". Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia tukiwa kibarazani.

Kwanza tuelewane kuhusu mila, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia hapo. Kwetu pwani mtu hampeleki mchumba nyumbani kama anavyompeleka rafiki kusalimia. Kijana akimwingiza msichana kwa mama yake bila barua, mama haoni mgeni. Anaona ama mkwe ama aibu, na katikati hapana kitu. Binti akimleta mwanamume ndiyo zaidi, maana baba atajiona amevunjiwa heshima kabla mshenga hajapiga hodi. Inatangulia barua, imefungwa ndani ya leso pamoja na fedha kidogo ya kushika uchumba. Majibu yakirudi yanakuja na orodha: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba au cha mjomba. Ndipo sura zinaonana.

Sasa mwenzio akiwa amekulia Mbeya au Mwanza, au hata Dar es Salaam, huenda kwao mtu hupelekwa Jumapili moja akanywa chai, akasalimia, akaondoka. Anapoona wewe humpeleki, hafikirii leso wala mshenga. Anafikiri unamwonea haya. Isitoshe mji wetu una sifa yake: "Tanga, waja leo waondoka leo". Aliyehamia hapa kikazi ameusikia msemo huo siku ya kwanza, na hataki kuwa yeye ndiye anayesemwa.

Kwa hiyo sehemu ya ucheleweshaji ni mila, na hiyo unaweza kuieleza kwa dakika mbili. Tatizo ni kwamba mila ni mwamvuli mpana, na wengi hujificha chini yake hata mvua isiponyesha.

Hatua ya kwanza: tafuta sababu iliyo chini ya sababu

Kabla hujafungua mdomo, kaa peke yako na ujiulize jambo moja. Ile sababu uliyokuwa ukimpa, ikiondoka leo usiku, kesho ungemtuma mshenga? Kama ulisema "bado sina kazi ya kueleweka" na kazi ikapatikana kesho, ungekwenda? Kama jibu ni ndiyo, basi sababu yako ni ya kweli na maongezi yenu yatakuwa mepesi. Kama unasikia moyoni "hapana, ningetafuta nyingine", hiyo si sababu, ni pazia.

Nitakupa kesi moja na tutakwenda nayo mpaka mwisho. Kijana wa Makorora, Mdigo, Mwislamu, karani wa wakala wa mizigo bandarini. Mwenzake ni mwalimu wa shule ya msingi Muheza, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mkristo wa Moravian. Walikuwa pamoja miaka miwili na miezi minne. Muda wote kijana alisema, "Namalizia nyumba Pongwe, nikishaezeka nakupeleka." Mwezi wa tatu akaezeka. Mwezi wa sita mwalimu akauliza, naye akajibu, "Bado plasta." Hapo mwalimu hakuuliza tena, na kijana akaja kwangu kwa sababu ule ukimya ulimtisha kuliko maswali.

Nikamwuliza jaribio hilo hilo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: mwaka jana mama yake alimtajia binti wa mjomba. Hakulazimisha, alitaja tu wakiwa wanachambua mchicha. Na yeye hakusema ndiyo wala hapana. Alinyamaza, mama akauchukua ule unyamavu nyumbani kwa kaka yake, na huko ukafika ukiwa umeshageuka kuwa "ndiyo".

Hiyo ndiyo sababu. Haikuwa plasta, wala dini, wala hata mama. Ni kwamba alinyamaza pale alipotakiwa kusema. Katika kesi nyingi nilizozisikia, ukichimba hadi chini unakuta kitu cha namna hii: kifupi, kinahusu mtu mwenyewe, na kinaaibisha kidogo.

Wapo wachache ambao wakichimba wanakuta hawana nia kabisa. Huyo hahitaji hatua nyingine. Amwambie mwenzake hivyo wiki hii hii. Na mwenye mke tayari, ambaye mwenza hajui, sentensi yake ya kwanza ni hiyo moja tu, na yote yaliyobaki hapa hayamhusu.

Hatua ya pili: jibu swali ambalo hajaliuliza

Mwenzio anauliza "utanipeleka lini", lakini chini yake kuna swali jingine: "Kwenu wanajua kwamba nipo?" Tarehe anaweza kuivumilia. Asichoweza kuvumilia ni kutokuwepo. Nimewaona wanawake waliosubiri miaka minne kwa utulivu kwa kuwa mama wa mwanamume alikuwa akiwatumia machungwa ya Muheza na salamu. Nimeona pia uchumba wa miezi minane ukivunjika siku binti alipopiga simu ya mwenzake, ikapokewa na dada mtu, akaulizwa "wewe nani?"

Basi jiulize kwa ukweli, kwenu uko katika hali ipi.

Ya kwanza, hawajui kabisa. Hapa usiseme "nilikuwa nasubiri wakati mzuri". Sema: "Sijamwambia mtu yeyote nyumbani habari zako." Sentensi hiyo ni nzito na itamuuma, lakini ikitoka kinywani kwako inauma mara moja. Ikitoka kwa dada yako kwenye simu, inauma na inakufanya mwongo.

Ya pili, wanajua kwa tetesi. Tanga si mji mkubwa. Mtu amewaona mmepakizana baiskeli, habari zimefika nyumbani, na mama anajifanya hajasikia akingoja useme mwenyewe. Hali hii inadanganya sana, maana unaweza kumwambia mwenzio "mama anajua" na usiwe umesema uongo wazi. Lakini yeye ataelewa kwamba mama anamjua na amemkubali. Kwa hiyo tenganisha: mama anajua kuna mtu, hajui ni wewe, na mimi sijamtamkia.

Ya tatu, wanajua na wamekataa, au wamenung'unika. Hapa ndipo pagumu, na ndipo watu wazuri hukosea kwa wema. Wapo wanaoficha, kisha mwenza anakwenda kukutana na kisirani asichokijua. Wengine wanafikiri ukweli ni kurudia kila neno: mama kasema watu wa kabila lenu wako hivi, shangazi kasema umemzidi umri. Usifanye hivyo. Mwambie kwamba kuna upinzani, unatoka kwa nani, na unahusu nini kwa jina la jumla, yaani dini, kabila, umri, au mtoto aliye naye. Maneno yenyewe yaache kwa aliyeyasema. Siku mama yako akibadilika, na kina mama wengi hubadilika wakishabeba mjukuu, mwenzio atakuwa bado anayo yale maneno kichwani kama msumari kwenye mbao, nawe ndiye uliyeupigilia.

Kuna pia mambo ya nyumbani ambayo si yako kuyatoa. Baba anaumwa ugonjwa anaouficha, au wazazi wako wanakaribia kuachana. Hapo ukweli ni huu: "Kuna jambo la wazee wangu lisilo langu kulisema. Linachelewesha, lakini si wewe." Hilo linatosha, ila usilitumie mara mbili.

Hatua ya tatu: mahali na siku

Ana kwa ana. Ujumbe wa sauti kwenye simu utasikilizwa mara kumi na utarushwa kwa shoga yake kabla hujamaliza kuswali. Msikae nyumbani kwenu, wala hotelini penye watu mnaofahamiana. Raskazone jioni pametulia, mkikaa mnaangalia maji hamlazimiki kutazamana muda wote, na hiyo husaidia.

Epuka wiki ya Idi au Krismasi. Katika siku hizo anaona wenzake wakialikwa kwa wakwe, na chochote utakachosema atakisikia kama kisingizio cha kutomwalika. Epuka pia siku ile ile aliyokuuliza kwa hasira. Mwambie, "Jumamosi nataka tukae nikujibu vizuri," halafu Jumamosi ikifika ujibu kweli.

Hatua ya nne: sema, kwa mpangilio huu

Anza na hali ilivyo, kisha sababu ya kweli, kisha sehemu yako, kisha unyamaze. Watu huanza kinyume: wanaanza na jinsi wanavyompenda, wanapita kwenye ukali wa mama, na jambo lenyewe linatokea mwishoni likiwa limefunikwa na blanketi tatu. Anayesikiliza anahesabu mablanketi.

Kijana wetu nilimfanyisha mazoezi kibarazani mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Unajua mama yangu ni mtu wa zamani." Nikamkatiza: mama hayupo hapa, usimpeleke yeye mbele. Mara ya pili akasema, "Mambo ya familia ni magumu." Hayo hata mimi nisingeyaelewa. Ya tatu ilikuwa hivi, na ndivyo alivyosema Raskazone:

"Nyumba haikuwa sababu. Mama anajua nina mtu, hajui ni wewe. Mwaka jana alinitajia binti wa mjomba, nami sikumjibu. Sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana, na kwa mjomba wamechukulia nimekubali. Kila nikifikiria kukupeleka najua lazima nikalifumue hilo kwanza, na nimekuwa nikiogopa. Nilikuficha kwa sababu ya woga wangu."

Chini ya dakika moja. Ukiona maelezo yako yamevuka dakika tano, ujue umeshaanza kujitetea.

Kisha nyamaza. Atakuwa na maswali, na matatu karibu hayakosekani.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" Hapa jibu moja tu linasimama: niliogopa, au niliona aibu, au niliona ni rahisi kunyamaza. Ukisema "nilitaka kukulinda", umemgeuza mtoto.

"Huyo mwingine unamtaka?" Jibu kwa neno moja. Mwalimu aliuliza hilo, na kijana alianza kueleza kwamba ni kama dada yake, wamekua wote. Mwalimu akamwambia, "Nimekuuliza ndiyo au hapana." Akasema hapana. Aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza lililonyooka kwa miaka miwili.

"Watataka nibadili dini?" Hapa usiahidi usichokijua, lakini usijifanye hujui unachokijua. Mwanamume Mwislamu kumwoa Mkristo, mashehe wengi wanairuhusu, kwa hiyo ukoo ukisisitiza asilimu, wanasisitiza wao. Si kwamba ndoa haiwezekani. Mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristo, mashehe hawaifungishi, na ukoo utamtaka bwana asilimu au utakataa. Kama nyinyi ni wa pili, mwambie hivyo waziwazi, hata akilia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu wote wawili kufunga ndoa ya bomani, kwa kutoa taarifa siku 21 kabla, lakini mwenye akili anajua kwamba cheti cha bomani hakimlainishi mjomba.

Na kama mnaishi nyumba moja, mjue kifungu cha 160 cha sheria hiyo. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa mume na mke, mahakama huweza kudhani kuwa ni wanandoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo unayesema "bado hatujawa kitu rasmi", huenda sheria ina neno lake. Mwenzio ana haki ya kulisikia hilo kutoka kwako.

Hatua ya tano: ahidi kilicho mkononi mwako

"Idi ijayo nitakupeleka" ni ahadi ya watu watano: wewe, mama, mjomba, mshenga na yeye mwenyewe. Mmoja akikataa, wewe umeonekana mwongo mara ya pili, na ya pili haisameheki kirahisi. Ahidi jambo ambalo ukiamka na kuvaa viatu unalitimiza bila idhini ya mtu. Kijana wetu aliahidi moja: "Jumanne nakwenda kwa shangazi yangu Duga, namwambia jina lako na kwamba binti wa mjomba simtaki. Jumanne usiku nakupigia nikueleze alichosema, kiwe kizuri au kibaya."

Kwa nini shangazi? Kwetu jambo zito halipelekwi kwa mama moja kwa moja, maana mama akishasema hapana mbele yako hawezi kurudi nyuma bila kujishusha. Shangazi akimfikishia faraghani, mama anaweza kulia, kukasirika, kulala, na asubuhi akauliza, "Huyo mwalimu anapika nini?" Na kwa Wadigo, mjomba ana neno kubwa kwa watoto wa dada yake, basi mama alihitaji kupewa nafasi ya kwenda kwa kaka yake mwenyewe. Ukoo wenu huenda una mlango mwingine, babu au dada mkubwa. Mlango huo unaujua. Ni yule aliyekutetea ulipovunja kioo cha jirani.

Hatua ya sita: ajulikane kabla ya kupelekwa

Kati ya kufichwa na posa kuna nafasi, na pwani tunaijua vizuri ingawa hatuisemi. Binti anakuja kwenye shughuli, hitima au harusi ya jirani, akiwa amefuatana na dada yako. Anakaa na kina mama, anasaidia kumenya vitunguu, anaondoka. Hakuna aliyetambulishwa, na kila mtu amemwona.

Lakini mwenzio lazima ajue mapema kwamba anakwenda kuonwa. Namkumbuka binti aliyeletwa hivyo bila kuambiwa, akaja na suruali ya jinzi akidhani ni sherehe ya kawaida. Alipogundua kwa nini kina mama walikuwa kimya hivyo, alilia garini njia nzima hadi Korogwe. Mwambie nani atakuwepo, avae nini, akiulizwa yeye ni nani ajibuje. Na akisema hataki kuonwa kwa kuchunguliwa, anataka barua, hiyo ni haki yake.

Utajuaje kama maongezi hayakufika? Hasira si dalili mbaya, aliyekasirika amesikia. Ogopa "sawa" ya haraka. Akisema "sawa, nimeelewa" kabla hujamaliza, kisha baada ya siku tatu akauliza lile lile kwa maneno mengine, ujue hakuamini, au ulimpa pazia jipya. Rudi hatua ya kwanza, uchimbe tena.

Mwalimu hakusema sawa. Alisimama, akapanda bajaji peke yake, na siku nne hakupokea simu. Jumanne kijana alikwenda Duga kama alivyoahidi, na usiku akaandika ujumbe alipoona simu haipokelewi: shangazi amesema maneno makali, lakini amelitaja jina lako mara tatu, na Ijumaa anakwenda kwa mama. Mwalimu alijibu Alhamisi, neno moja: "Nimesoma."

Hayo ni ya mwaka huu. Mama ameshasikia. Kwa mjomba bado kuna donge, na binti yake, nasikia, ndiye aliyefurahi kuliko wote kwa sababu naye alikuwa na mtu wake. Mjomba amesema tukutane baada ya Mfungo Mosi. Barua ya kwenda Tukuyu imeshaandikwa, iko kwenye sanduku langu, imefungwa kwa leso nyeupe aliyoichagua mwalimu mwenyewe.